Mchoro wa geti na grili kabla ya bomba la kwanza kukatwa

Geti la chuma la mabawa mawili huanza na upana wa nafasi iliyopo kati ya nguzo mbili za ukuta, na upana huo hupimwa mara tatu: chini, katikati na juu. Nguzo za matofali mara nyingi hazisimami sawasawa. Katika mfano unaofuatwa hapa, tepu ilisoma milimita 3012 chini, 3006 katikati na 3000 juu. Mchoro hufuata kipimo kidogo kuliko vyote, yaani 3000, kwa sababu geti lililochorwa kwa wastani litakwama pale nguzo zinapokaribiana. Upimaji hufanyika baada ya lipu kukauka. Lipu ya sentimita moja na nusu kila upande hupunguza nafasi kwa milimita 30, na hizo zinatosha kumrudisha fundi karakanani na geti lake zima.

Vipimo vyote huandikwa kwa milimita. Madukani vyuma huuzwa kwa majina ya inchi, na bomba la mraba linaloitwa la inchi mbili kwa kawaida huwa na milimita 50, lakini lipo pia lenye 50.8, ambayo ndiyo inchi mbili kamili. Kwa hiyo kabla ya kuchora, bomba lenyewe hupimwa, upana kwa kalipa na urefu kwa tepu. Urefu unaotarajiwa ni mita 6, ila baadhi ya mabomba huja yakiwa na mita 5.8. Tofauti hiyo ya sentimita 20 haionekani kwa macho bomba likiwa limelala dukani, na ndiyo itakayoamua kama mpango wa kukata utafaulu.

Mchoro wenyewe ni mwonekano wa mbele, kama geti linavyoonekana kutoka barabarani, na neno hilo, "kutoka barabarani", huandikwa chini yake ili komeo lisije likafungwa upande wa nje. Kwa karatasi, kipimo cha 1:20 kinafaa: geti la mita 3 huwa na sentimita 15 na hukaa vizuri kwenye A4. Anayetumia kompyuta huchora kwa ukubwa halisi, milimita moja ya kuchora kwa milimita moja ya chuma, kisha huchagua kipimo wakati wa kuchapa. LibreCAD ni programu ya bure inayotosha kwa kazi hii, na hutunza michoro katika muundo wa DXF, ambao karakana nyingi za kukata shiti kwa mashine huupokea. Katika AutoCAD, amri za `OFFSET` na `TRIM` hufanya sehemu kubwa ya kazi: mstari wa nje wa bomba hunakiliwa milimita 50 kuingia ndani, na fremu imepatikana. Kilichofichwa nyuma ya kingine huchorwa kwa mstari wa vikato, na kila kipande hupewa namba itakayorudi kwenye orodha ya kukata.

Upana wa bawa moja hupatikana kwa kuondoa mapengo kwanza. Bawaba zilizochaguliwa kwa geti hili zinahitaji pengo la milimita 20 kati ya nguzo na fremu, na mabawa mawili yakikutana katikati yanaachiwa 10. Kwenye 3000 huondolewa 20, 20 na 10, zinabaki 2950, nusu yake ni 1475. Pengo la bawaba halikisiwi. Bawaba hununuliwa kabla ya mchoro kukamilika, huwekwa mezani kati ya vipande viwili vya chuma, na nafasi inayobaki hupimwa. Kwa upande wa chini geti huachiwa milimita 50 kutoka ardhini, lakini mchoraji huhitaji pia mchoro mdogo wa ubavuni unaoonyesha jinsi ardhi inavyopanda kuelekea ndani ya uwanja. Bawa hili litafagia umbali wa karibu mita moja na nusu. Kama ardhi inapanda sentimita 6 katika umbali huo, geti halitafunguka hata robo tatu, na hakuna mchoro wa mbele utakaoonyesha kasoro hiyo.

Kimo cha bawa ni 2000. Sasa huja swali ambalo wachoraji wengi huliruka: kwenye pembe za fremu, kipande kipi kinapita na kipi kinasimamia hapo? Urefu wa vipande hutegemea jibu lake. Katika geti hili kipande cha mlalo cha juu kinapita juu ya vile vya wima, hivyo kina 1475 kamili, na vya wima vina 2000 kutoa 50, yaani 1950. Sababu ni mvua. Bomba la wima likiachwa wazi juu hujaa maji, na kutu huanza ndani mahali ambapo rangi haifiki. Likifunikwa na mlalo wa juu, na ncha zake za chini zikaachwa wazi, unyevu wowote utakaoingia utapata pa kutokea. Ncha mbili za mlalo wa juu huzibwa kwa vipande vya shiti vya 50 kwa 50. Milalo ya kati na ya chini hukaa katikati ya bomba mbili za wima, kwa hiyo urefu wake ni 1475 kutoa 100, yaani 1375.

Sehemu ya juu ya bawa ina fito za wima za bomba la mraba la milimita 25. Nafasi wazi ni 1375, na mapengo yasizidi 100 ili kichwa cha mtoto kisipite. Hapa kosa la kawaida ni kugawa upana kwa idadi ya fito. Fito kumi zina mapengo kumi na moja, kwa sababu kuna pengo kila upande, na unene wa fito wenyewe huondolewa kwanza. Fomula yake ni hii:

```
pengo = (W - n x d) / (n + 1)
```

W ni nafasi wazi, n idadi ya fito, d unene wa ufito mmoja. Kwa fito 10 pengo linakuwa 1125 gawanya kwa 11, yaani 102.3, ambalo limezidi. Kwa fito 11 linakuwa 1100 gawanya kwa 12, yaani 91.7. Zinachukuliwa 11.

Namba hiyo ya 91.7 ina mtego. Fundi akikata kibao cha kupimia cha milimita 91 na kukisogeza ufito kwa ufito, upungufu wa sehemu ya milimita hujikusanya, na pengo la mwisho hufikia 99. Yeyote atakayesimama mbele ya geti ataiona tofauti hiyo pembeni mwa bawaba. Mchoro mzuri hauandiki "91.7 mara kumi na mbili". Huandika umbali wa ukingo wa kushoto wa kila ufito kutoka ncha moja ya mlalo: 92, 208, 325, 442, 558, 675, 792, 908, 1025, 1142, 1258. Tepu hulazwa mara moja, alama zote kumi na moja hupigwa bila tepu kusogezwa, na kosa la alama moja halihamii kwa jirani yake. Mlalo wa juu una ncha zinazozidi milimita 50 kila upande, hivyo kwake hesabu huanzia pale ukingo wa ndani wa bomba la wima ulipo. Jambo hili huandikwa kwenye mchoro kwa maneno.

Sehemu ya chini ya bawa hufunikwa kwa shiti ya unene wa milimita 1.2, na hapa ndipo mchoro unapolipia gharama yake. Mteja aliomba shiti ifike karibu nusu ya geti. Mchoro wa kwanza ulikuwa na nafasi ya chini ya 850 na ya juu ya 1000. Shiti inalala juu ya uso wa fremu, ikipanda milimita 20 kila upande, kwa hiyo kila bawa linahitaji kipande cha 1415 kwa 890. Shiti moja ya kawaida ina 2440 kwa 1220. Ukiweka vipande viwili vikiwa vimefuatana kwa urefu unahitaji 2830, ukivipanga kimoja juu ya kingine unahitaji 1780, na ukikisimamisha cha pili unahitaji kimo cha 1415. Hakuna njia inayokubali. Geti lingetaka shiti mbili, na zaidi ya nusu ya kila moja ingebaki.

Fito nazo zilikuwa na tatizo lao. Zikiwa na milimita 1000, mtu hudhani bomba la mita 6 litatoa sita. Halitoi. Diski ya mashine ya kukatia ya mezani hula milimita 3 kila inapopita, na mikato mitano hula 15, hivyo ufito wa sita utakuwa na 985. Bomba linatoa fito tano tu, na fito 22 za mabawa mawili zinahitaji mabomba matano.

Mchoro ulirudishwa mezani, safari hii ukianzia kwenye shiti. Vipande viwili vikipangwa kimoja juu ya kingine katika 1220, kila kimoja kinaweza kuwa na kimo cha 605 na bado ikabaki nafasi ya mkato. Ukiondoa milimita 40 zinazopanda juu ya fremu, nafasi ya chini inakuwa 565. Nafasi ya juu basi ni 2000 kutoa milalo mitatu ya 50 na kutoa 565, yaani 1285, na huo ndio urefu mpya wa fito. Kila bomba sasa linatoa fito nne, na 22 zinahitaji mabomba sita. Kwa maneno mengine, bomba moja zaidi limenunuliwa ili shiti nzima iachwe dukani. Bomba hilo lina uzito wa kama kilo 6.5, ilhali shiti ina kilo 28. Pale ambapo chuma huuzwa kwa bei inayofuata uzito, uamuzi huo hauhitaji mjadala mrefu. Mteja huonyeshwa michoro yote miwili, kwa sababu stara ya ukuta wa shiti ni yake, na anaweza kuona inafaa kulipia shiti ya pili.

Shiti hiyo ina kazi nyingine isiyoonekana kwenye mchoro. Bawa lolote linaloning'inia kwenye bawaba hujaribu kulegea upande wa komeo, mstatili ukigeuka kuwa msambamba. Fito za wima hazilizuii. Shiti iliyochomelewa kuzunguka ukingo wake wote, kwa vipande vifupi vifupi vya kuchomelea, huizuia fremu isipinde. Geti lisilo na shiti lingehitaji kipande cha mshazari, nacho kingepaswa kuingia kwenye orodha.

Orodha ya kukata huandikwa mchoro ukiwa umetulia. Ya geti hili, mabawa yote mawili, ni kama ifuatavyo:

| Namba | Kipande | Chuma | Urefu (mm) | Idadi |
|---|---|---|---|---|
| G1 | Mlalo wa juu | Bomba 50 × 50 × 1.5 | 1475 | 2 |
| G2 | Wima | Bomba 50 × 50 × 1.5 | 1950 | 4 |
| G3 | Mlalo wa kati na wa chini | Bomba 50 × 50 × 1.5 | 1375 | 4 |
| G4 | Ufito | Bomba 25 × 25 × 1.5 | 1285 | 22 |
| G5 | Shiti ya chini | Shiti 1.2 | 1415 × 605 | 2 |
| G6 | Kiziba ncha | Mabaki ya shiti | 50 × 50 | 4 |
| G7 | Kiziba pengo la katikati | Flatibaa 40 × 3 | 2000 | 1 |

G7 huchomelewa kwenye bawa moja tu, lile linalofungwa la mwisho, na kufunika zile milimita 10 za katikati. Bawaba, komeo la katikati na nondo ya kushuka ardhini huandikwa kando, kwa kuwa vinanunuliwa na havikatwi.

Orodha husema ni vipande vingapi, lakini haisemi vinatoka wapi. Kazi hiyo ni ya mpango wa kukata. Kwa bomba la 50, mtu angeweza kupanga G2 tatu katika bomba moja: 5850, pamoja na mikato 5859. Kwenye bomba la mita 6 inawezekana. Kwenye bomba la mita 5.8 haiwezekani, na fundi atagundua hivyo akiwa tayari amekata vipande viwili. Mpango mwingine ni salama zaidi. Bomba la kwanza hutoa G2 mbili na G3 moja, jumla 5275. La pili hutoa G2 mbili na G1 moja, 5375. La tatu hutoa G1 moja na G3 tatu, 5600, na pamoja na mikato 5612. Ni mabomba matatu yale yale, ila sasa urefu wowote kati ya ule wa 5.8 na wa 6 unakubali. Mpango unaopita katika hali zote mbili ni bora kuliko ule unaobana mabaki kwa milimita chache.

Kila kipande kinapokatwa huandikwa namba yake kwa chaki na kuwekewa alama kwenye orodha. G1 na G3 zinatofautiana kwa sentimita 10 tu, na zikilala pamoja sakafuni hufanana. Vipande vya namba moja husimamishwa pamoja sakafuni kabla ya kuchomelewa, ili vichwa vyake vilinganishwe kwa kidole. Kinachozidi huonekana mara moja.

Mchoro pia unapaswa kubeba kipimo ambacho hakipo kwenye chuma chochote: mshazari wa bawa. Kwa 1475 kwa 2000, mshazari ni 2485. Fremu hushikizwa kwanza kwa nukta za kuchomelea kwenye pembe, kisha tepu huvutwa kutoka pembe hadi pembe kwa njia zote mbili. Namba mbili zikilingana, pembe ni mraba. Zikilingana lakini zisiwe 2485, basi kuna kipande kimekatwa vibaya, na hilo kulinganisha peke yake kusingelifichua. Ukaguzi huu hurudiwa katikati ya kuchomelea, kwa sababu chuma kikipoa hujivuta kuelekea upande uliochomelewa zaidi.

Grili ya dirisha hufuata mantiki hiyo hiyo kwa vyuma vyembamba. Dirisha la mfano lina nafasi ya 1200 kwa 1200 baada ya lipu, na grili huachiwa milimita 5 kila upande, hivyo ina 1190 kwa 1190. Imetengenezwa yote kwa nondo ya mraba ya 12. Milalo miwili, wa juu na wa chini, ina 1190. Nondo za wima ziko katikati yake na zina 1166. Ndani ya fremu upana nao ni 1166. Nondo 9 zingeacha mapengo ya karibu 106, kwa hiyo zinawekwa 10, na pengo linakuwa 95. Nondo ya urefu huu inaweza kutanuliwa kwa jeki ya gari, na ndiyo maana mlalo wa tatu wa 1190 huchomelewa nyuma ya nondo zote, katikati ya kimo, ukionyeshwa kwenye mchoro kwa mstari wa vikato.

Jumla ni vipande 12 vya 1166, pamoja na vile viwili vya fremu, na vitatu vya 1190. Nondo ya kwanza ya mita 6 hutoa vitano vya 1166, ya pili vitano, ya tatu viwili vya 1166 na vitatu vya 1190, jumla 5917 pamoja na mikato. Zinabaki milimita 83. Hapa hakuna mpango mbadala: nondo zikiwa za mita 5.8, tatu zina jumla ya 17400 wakati kazi inataka 17562 hata kabla ya mikato, na ya nne lazima inunuliwe. Fundi anayeyajua haya kabla ya kutaja bei hataila hasara hiyo. Orodha ya grili huongezewa masikio manne ya flatibaa yenye matundu ya kufungia ukutani. Grili ya chumba cha kulala huhitaji pia mchoro wa mlango mdogo wenye bawaba na kufuli upande wa ndani, kwa sababu nyumba ikishika moto dirisha hilo ndilo njia ya kutokea. Mlango huo una fremu yake na mapengo yake, hivyo hesabu za nondo huanza upya.

Mteja akibadilisha jambo baada ya orodha kuandikwa, haitoshi kufuta namba moja. Tuseme nguzo za ukuta zimeongezwa vigae na nafasi imekuwa 2980. Bawa linashuka hadi 1465. G1 inakuwa 1465, G3 inakuwa 1365, shiti inakuwa 1405, mapengo ya fito yanakuwa 90.8 na alama zote kumi na moja zinahama, na mshazari unakuwa 2479. Wima na fito havibadiliki. Karatasi ya zamani huchanwa, na mpya huandikwa tarehe juu yake, kwa sababu karatasi mbili zenye vipimo tofauti ndani ya karakana moja hutoa bawa moja la 1475 na jingine la 1465.